Siku Saba Zinaanza Kuhesabiwa Lini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Siku Kati ya Tarehe Mbili

Nimefanya ukarani katika ofisi ya mawakili Mombasa kwa miaka mingi, na kazi yangu kubwa ni kulinda makataa: hati gani iwasilishwe lini, na ikichelewa nini kitatokea. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa zaidi mezani kwangu. Mifano mingi nimeitoa kwenye kesi za kupinga matokeo ya urais nchini Kenya. Tarehe zake zinajulikana na kila mtu, na hakuna mahali pengine ambapo hesabu ya siku saba imefanywa hadharani hivyo, taifa zima likitazama.

Kati ya tarehe 11 na tarehe 18 kuna siku ngapi, saba au nane?

Inategemea unauliza nini. Ukiuliza kutoka tarehe 11 mpaka 18 ni umbali wa siku ngapi, jibu ni saba: kumi na nane kutoa kumi na moja. Ukiuliza ni siku ngapi zimeguswa, yaani ukiweka kidole kwenye kalenda na kutaja moja baada ya nyingine, 11, 12, 13, mpaka 18, utapata nane. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inapima mwendo, ya pili inahesabu vitu. Mtu anayetoka kituo cha kwanza cha matatu kwenda cha nane amepita nafasi saba, ingawa vituo ni vinane.

Ugomvi huanza pale mmoja anapopima mwendo na mwenzake anahesabu vituo, kisha kila mmoja anaona mwenzake hajui hesabu.

Mbona kosa hili linatupata hata sisi tunaojua kuhesabu vizuri?

Kwa sababu lugha yetu yenyewe inahesabu kwa namna zote mbili. Tukisema "kesho" tumesogea siku moja, na "kesho kutwa" tumesogea mbili. Hapo leo haihesabiwi, leo ni sifuri. Lakini angalia majina ya siku za wiki. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni tatu. Kutoka Jumamosi hadi Jumatatu ni mwendo wa siku mbili tu, lakini jina linasema tatu, maana Jumamosi yenyewe imehesabiwa kuwa ya kwanza.

Halafu kuna jambo linalonivutia kila ninapolieleza. Wiki yetu ina siku ya tano mara mbili, tena zimefuatana. Jumatano ni ya tano ukianza na Jumamosi. Alhamisi, jina lililotoka kwenye Kiarabu, nayo maana yake ni ya tano, ila Waarabu walianza kuhesabu na Jumapili. Tano mbili zimekaa bega kwa bega kwa sababu tu kila hesabu ilianza na siku yake. Hilo ndilo suala zima la ukurasa huu.

Sheria ya Kenya inasema siku ya kuanza ihesabiwe au isihesabiwe?

Isihesabiwe. Katiba ya 2010, Kifungu cha 259(5), inaeleza kwamba muda ukitajwa kwa siku, siku ambayo tukio la kwanza lilitokea inaachwa nje, na siku ya mwisho ambayo tukio la pili linaweza kufanyika inaingizwa ndani. Kwa sheria za kawaida, kanuni kama hiyo imo kwenye Sura ya 2 ya Sheria za Kenya, ile inayoeleza namna ya kufasiri sheria nyingine, kifungu cha 57.

Sababu yake ni ya haki. Tukio halitokei saa sita usiku siku inapoanza. Hukumu inaweza kusomwa saa kumi jioni masjala inapokaribia kufungwa. Siku hiyo ikihesabiwa kuwa ya kwanza, aliyeshindwa atakuwa amepokonywa karibu siku nzima ambayo hakuweza kuitumia. Ikiachwa nje, kila mtu anapata siku zake kamili, hukumu iwe ilisomwa asubuhi au jioni.

Mimi huifanya kanuni hii hivi: siku ya tukio naiandikia sifuri. Sitaji moja mpaka nifike siku inayofuata.

Nionyeshe kwa kesi halisi.

Tuanze na 2017. Matokeo ya urais yalitangazwa Ijumaa, tarehe 11 Agosti. Kifungu cha 140 cha Katiba kinampa anayepinga siku saba baada ya kutangazwa kwa matokeo ili awasilishe kesi Mahakama ya Juu. Ijumaa tarehe 11 ni sifuri. Jumamosi tarehe 12 ni moja, Jumapili tarehe 13 ni mbili, na ukiendelea hivyo unafika saba Ijumaa, tarehe 18. Kesi ya Raila Odinga iliwasilishwa siku hiyo hiyo ya mwisho, usiku, saa chache kabla ya siku kuisha. Kama sheria ingehesabu siku ya kutangaza kuwa ya kwanza, makataa yangekuwa Alhamisi tarehe 17, na kesi ile isingepokelewa. Kwa hiyo usidhani kwamba siku moja ni jambo dogo.

Hatua ya pili: Mahakama ina siku 14 baada ya kesi kuwasilishwa ili isikilize na kuamua. Sasa sifuri mpya ni tarehe 18 Agosti. Agosti ina siku 31, kwa hiyo kuanzia tarehe 19 hadi 31 zimo siku 13. Ya kumi na nne ni Ijumaa, tarehe 1 Septemba, na ndiyo siku uamuzi wa kufuta uchaguzi ulipotolewa.

Hatua ya tatu: uchaguzi ukifutwa, mwingine lazima ufanyike ndani ya siku 60 baada ya uamuzi. Sifuri ni tarehe 1 Septemba. Septemba imebakisha siku 29, na 60 kutoa 29 ni 31. Siku ya sitini ni tarehe 31 Oktoba. Tume ya uchaguzi ilitaja kwanza tarehe 17 Oktoba, kisha ikasogeza hadi tarehe 26, ambayo bado ilikuwa ndani ya muda, zikiwa zimebaki siku tano.

Umeona kitu? Kutangazwa Ijumaa, kuwasilishwa Ijumaa, kuamuliwa Ijumaa.

Je, hilo la Ijumaa tatu lilitokea kwa bahati?

Hapana, na hapa ndipo utapata njia nyepesi kuliko zote ya kukagua hesabu yako. Ukiacha siku ya kuanza nje, siku saba zinakurudisha kwenye siku ile ile ya wiki, na siku kumi na nne pia. Mwaka 2013 matokeo yalitangazwa Jumamosi tarehe 9 Machi, kesi ikawasilishwa Jumamosi tarehe 16, uamuzi ukatolewa Jumamosi tarehe 30. Mwaka 2022 ilikuwa Jumatatu zote: tarehe 15 Agosti, tarehe 22 Agosti na tarehe 5 Septemba.

Basi mtu akikuambia umepewa siku 14 kuanzia hukumu ya Jumanne, kisha akakutajia makataa ya Jumatatu, jua amehesabu siku ya hukumu. Akitaja Jumatano, ameongeza siku isiyokuwepo. Kwa siku 30, wiki nne ni 28, zinabaki mbili: hukumu ya Jumanne inaangukia Alhamisi. Kwa siku 60, wiki nane ni 56, zinabaki nne. Rudi kwenye mfano wetu uone: kutoka Ijumaa ya tarehe 1 Septemba 2017, ongeza siku nne za wiki, unapata Jumanne, na tarehe 31 Oktoba mwaka ule ilikuwa Jumanne.

Na siku ya kuapishwa inapatikana vipi?

Hapo zimeunganishwa hesabu mbili, na wengi huteleza katikati. Kifungu cha 141 kinasema kwamba mahakama ikithibitisha ushindi, rais mteule anaapishwa Jumanne ya kwanza inayofuata siku ya saba baada ya uamuzi. Kwanza utafute siku ya saba, kisha utafute Jumanne inayoifuata.

Mwaka 2022 uamuzi ulitolewa Jumatatu, tarehe 5 Septemba. Siku ya saba ni Jumatatu, tarehe 12. Jumanne inayofuata ni kesho yake, tarehe 13 Septemba, na William Ruto aliapishwa siku hiyo. Mwaka 2013 uamuzi ulikuwa tarehe 30 Machi, siku ya saba ikawa Jumamosi tarehe 6 Aprili, na Uhuru Kenyatta akaapishwa Jumanne tarehe 9 Aprili. Anayeruka siku saba na kutafuta Jumanne moja kwa moja baada ya uamuzi atapata tarehe 6 Septemba kwa mwaka 2022, na atakuwa amekosea kwa wiki nzima.

Siku saba si ni saa 168? Kwa nini nisihesabu kwa saa?

Kwa sababu muda ukitajwa kwa siku, kinachohesabiwa ni siku za kalenda, nzima nzima. Matokeo yakitangazwa saa nne asubuhi au saa nne usiku, sifuri ni siku hiyo hiyo na makataa hayabadiliki. Saa huhesabiwa pale tu sheria inapozitaja saa. Kifungu cha 49, kwa mfano, kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na hapo saa ya kukamatwa ina maana kubwa. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Na uwe mwangalifu na maneno ya usiku. Kwa wazee wa mwambao, "usiku wa Ijumaa" ni usiku wa kuamkia Ijumaa, maana siku kwao inaingia jua linapotua. Kwa mahakama, siku inaanza na kuisha saa sita usiku. Mteja akiniambia amepewa hati usiku wa Ijumaa, siandiki kitu kabla sijamuuliza: ulikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, au wa kuamkia Jumamosi?

Jumapili na sikukuu zinahesabiwa?

Zikiwa katikati ya muda mrefu, zinahesabiwa. Mwaka 2013 zile siku 14 zilipitia Jumapili mbili pamoja na Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi, na hakuna iliyorukwa. Muda ukiwa wa siku sita au pungufu, Katiba inasema Jumapili na sikukuu za umma zirukwe. Mtu aliyepewa siku tano akakutana na Pasaka angebaki na nini?

Siku ya mwisho ina kanuni yake. Ikiangukia Jumapili au sikukuu, makataa yanasogea hadi siku ya kwanza isiyokuwa hivyo. Angalia kwamba Katiba haijaitaja Jumamosi, na uamuzi wa 2013 ulisomwa Jumamosi. Sura ya 2 imeongeza siku zote zisizo za kazi rasmi, kwa hiyo kwa sheria za kawaida Jumamosi huweza kukupa nafasi. Mimi hata hivyo sijawahi kumpangia mteja makataa kwa kutegemea nafasi hiyo. Nampangia Ijumaa.

Siku 30 si ni mwezi mmoja?

Hapana, na hapa ndipo nimeona watu wakiumia zaidi.

Mteja mmoja alishindwa katika mahakama ya hakimu Jumatatu, tarehe 12 Machi 2018. Rufaa kutoka huko kwenda Mahakama Kuu ina siku 30, kwa mujibu wa kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Madai. Alikuja ofisini kwetu asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Aprili, ametulia, akasema, "Leo ndiyo mwezi unatimia, nimekuja mapema niwahi." Ilibidi nimkalishe chini tuhesabu pamoja. Tarehe 12 Machi ni sifuri. Kuanzia 13 hadi 31 ni siku 19. Zimebaki 11, kwa hiyo siku ya thelathini ilikuwa Jumatano, tarehe 11 Aprili. Jana yake. Machi ina siku 31, na siku hiyo moja ya ziada ndiyo iliyommeza.

Hakupoteza kila kitu, maana kifungu hicho hicho kinairuhusu mahakama kupokea rufaa iliyochelewa kukiwa na sababu nzuri ya kutosha. Lakini ilibidi aombe ruhusa kwanza, alipe ada, aape hati ya kiapo kueleza siku moja aliyochelewa, na asubiri. Sijasahau uso wake.

Kwa Februari mambo hugeuka. Hukumu ya tarehe 30 Januari 2023 ilikuwa na siku ya thelathini tarehe 1 Machi. Hukumu ya tarehe 30 Januari 2024, mwaka mrefu, ilikuwa na siku ya thelathini tarehe 29 Februari. Hati ikisema "mwezi", hesabu kwa mwezi. Ikisema "siku 30", hesabu siku moja moja. Katiba yenyewe imezitenganisha: miezi inahesabiwa kwa kulinganisha namba ya tarehe, na mwezi unaoishia ukikosa tarehe hiyo, inachukuliwa siku yake ya mwisho.

Ni lini basi siku zote mbili, ya kwanza na ya mwisho, zinahesabiwa?

Pale maneno yanaposema "kuanzia" tarehe fulani "hadi" tarehe fulani, na kinachotajwa ni siku zenyewe wala si mwendo kati yake. Likizo kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 7 ni siku tano za kutokuwepo kazini, si nne. Kinyume chake ni chumba cha kulala wageni: ukiingia tarehe 3 na kutoka tarehe 7 umelala usiku nne, na ndizo utakazolipia.

Mahakamani tuna mfano mzuri. Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, Amri ya 50 kanuni ya 4, zinataka kipindi cha tarehe 21 Desemba hadi tarehe 13 Januari kirukwe tunapohesabu muda wa kuwasilisha hati za madai, na zinataja wazi kwamba siku zote mbili za pembeni zimo. Desemba kuna siku 11, kuanzia 21 hadi 31. Januari kuna 13. Jumla 24. Anayetoa tarehe kwa tarehe anapata 23.

Chukua mtu aliyejiandikisha kujibu madai tarehe 16 Desemba 2024, akiwa na siku 14 za kuleta utetezi wake. Tarehe 17 hadi 20 Desemba ni siku nne. Kisha hesabu inasimama. Inaanza tena tarehe 14 Januari kwa siku ya tano, na ya kumi na nne inakuwa Alhamisi, tarehe 23 Januari 2025. Aliyetumia 23 badala ya 24 atasema tarehe 22. Safari hii kosa lingemharakisha tu, lakini kwa upande wa pili, anayesubiri muda wa mwenzake uishe ili aombe hukumu, lingemfanya aombe kabla ya wakati.

Tanzania ni tofauti?

Kwenye jambo la msingi, hapana. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kifungu cha 19, inasema siku ambayo muda unaanzia kuhesabiwa iachwe nje. Kifungu hicho pia kinaondoa muda uliotumika kupata nakala ya hukumu inayokatiwa rufaa, kwa hiyo tunza ushahidi wa siku uliyoomba nakala na siku uliyopewa.

Nikitumia jedwali la kompyuta, linahesabu vipi?

Linatoa tu. Tarehe ya kuanza ikiwa A2 na ya mwisho B2, mstari wa kwanza hapa chini unaacha siku ya kuanza, wa pili unazihesabu zote mbili, na wa tatu unakupa makataa ya siku 14.

```
=B2-A2
=B2-A2+1
=A2+14
```

Jihadhari na `NETWORKDAYS`, inayohesabu siku za kazi: hiyo huingiza siku ya kwanza na ya mwisho bila kukuuliza. Jambo jingine ni mpangilio wa tarehe. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani itasoma 9/3 kuwa tarehe 3 Septemba, na hesabu itatoka bila onyo lolote. Andika tarehe mwezi ukiwa kwa jina, kisha angalia jedwali limekuelewa vipi.

Vihesabu siku vya mtandaoni vina kisanduku cha kuongeza siku ya mwisho. Watu huniuliza kama hicho ndicho cha siku ya kuanza. Kwa idadi ni sawa: ukiongeza upande wowote, jumla inapanda kwa moja. Kwa makataa ya mahakama, kiache wazi.

Nimepewa notisi inayosema "ndani ya siku saba kuanzia leo". Nifuate hesabu gani?

Maneno hayo ni mabaya, maana "kuanzia leo" kwa Kiswahili cha kawaida inaiingiza leo. Anayepokea afanye kama leo imehesabiwa, amalize siku moja mapema, na abaki salama kwa hesabu zote mbili. Anayetaka kuchukua hatua baada ya muda kuisha afanye kinyume, asubiri kama leo haikuhesabiwa.

Ukiwa wewe ndiwe unayeiandika, usimwachie mtu hesabu. Andika siku na tarehe: "kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa, tarehe 18". Siku ya wiki na tarehe zikiwekwa pamoja, ukikosea moja nyingine itakusuta kabla hujatia sahihi.